Mi ya Juu au Mi ya Chini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeshapona kile kifua, na kama hujapona, basi ikukute angalau umeacha kubishana na daktari. Mimi ni mzima. Baridi ya huku Ujerumani imenizoea kuliko nilivyoizoea mimi. Je, alizeti mmeshavuna? Na upepo wa kwetu Ihanja bado unang'oa mabati, au mwaka huu umetuonea huruma?

Naandika kwa mkono kwa sababu habari yenyewe ina nota, na nota kwenye meseji hufika zimevurugika. Tena kwenye simu wewe hunipi nafasi. Unauliza kama nimekula, unaniombea, salio linakwisha.

Kwanza nikuambie kwamba ule wimbo uliotunga kwa mazishi ya Mama, ambao kaka Daudi aliupiga picha akanitumia, nimeuchapisha na kuubandika ukutani juu ya kitanda changu. Daudi anasema siku ile hakuna aliyekuwa na moyo wa kushika simu arekodi kwaya. Sawa. Mimi sikuwepo, sina haki ya kumlaumu mtu. Nauimba kila asubuhi kwa sauti ndogo, maana jirani yangu ni mtu wa kugonga ukuta.

Sasa habari ya chuo. Sikukueleza yote. Mtihani wangu wa kwanza wa madrigali nilianguka, na chuo kilisema nikianguka tena nafasi yangu inakwisha na nirudi nyumbani. Sikutaka ulijue hilo ukiwa unakohoa.

Madrigali, Baba, ni nyimbo za Waitalia wa zamani, za mapenzi zaidi kuliko za kanisa. Waimbaji wanne, watano, wanakaa mezani, kila mmoja ana kitabu cha sauti yake peke yake. Si kama tenzi zetu, ambapo beti zote hupita kwenye tyuni moja. Pale kila mstari wa shairi unapewa muziki wake, na mtunzi anajaribu kuchora neno kwa sauti. Ule niliopewa mimi ni wa sauti tano. Mpenzi anaondoka alfajiri. Anayebaki anashusha pumzi, anaita, anaita tena, mwisho anasema "nakufa". Hadithi ndiyo hiyo tu.

Ungeupenda. Kwenye neno la kuondoka mbio, nota zinakuwa fupifupi na sauti zinafukuzana, moja ikianza maneno kabla nyingine haijamaliza. Kwenye kushusha pumzi, mtunzi ameweka kimya kifupi kabla ya neno, kila sauti inakatika kama mtu aliyebanwa kifua. Na mikazo ya maneno ameilinda. Kiitaliano mara nyingi kinakaza silabi ya kabla ya mwisho, kama sisi, na yeye silabi hiyo anaipa nota ndefu. Nikakukumbuka unavyokasirika kanisani wimbo wa kutafsiriwa unapovuta "Bwanaaa" hadi neno linakosa mwenyewe.

Mwalimu wangu ni mama mzee, mwembamba, asiyecheka. Mtihani wa kwanza niliandika kwamba muziki unasikitika. Akaniuliza, "Masikitiko hayo yako kipimo cha ngapi cha wimbo, sauti ipi?" Ndipo nikaanguka. Kwa mama yule huwezi kusema kitu ambacho kidole chako hakiwezi kukionyesha kwenye nota.

Kwa hiyo safari hii nilijiandaa kwa hasira. Na hapo ndipo ulipoingia wewe, Baba. Nota za mistari nazisoma, lakini polepole. Macho yangu yanaamini solfa, herufi zetu za d, r, m. Nikauhamisha wimbo wote, sauti zote tano, kwenye solfa, kwa mwandiko uleule ulionifundisha kwenye benchi la kanisa, na kwa desturi yetu ileile: bila vile vijimstari vinavyoonyesha nota ya juu na nota ya chini. "Vya nini?" ulikuwa ukisema. "Watanisikia mimi kwanza, kisha wataimba." Kweli, Ihanja nzima hakuna aliyewahi kupotea, kwa sababu wewe ulikuwa umesimama mbele ya kwaya.

Insha yangu yote ya mtihani, ile ya kutetewa mbele ya walimu, niliijenga juu ya neno "nakufa". Kwenye karatasi yangu sauti ya kwanza ilisomeka la, halafu mi. Nikaona inashuka. Nikaandika kwa madaha kwamba mtunzi anamshusha mtu kaburini, nota nne kwenda chini. Nilijiona mtu.

Siku ya mtihani walikuwa wawili mezani, mama yule na mwalimu mwingine wa kiume aliyekuwa akiandika tu. Mama akanisogezea nota za mistari. Hakusema nimekosea. Alisema, "Niimbie kipimo hicho."

Nikaanza. La. Nikatazama nota inayofuata, Baba. Ilikuwa juu. Mi ilikuwa juu ya la, mruko wa nota tano kwenda juu, nota ndefu, karibu na kilele cha wimbo. Niliimba kwa sababu mdomo ulikuwa umeshafunguka. Sauti ikapanda pale chumbani, na insha yangu ikabaki chini peke yake.

"Sasa," akasema, "anashuka wapi?"

Nilitaka kukulaumu. Kwa dakika nzima nilikulaumu kwa Kiswahili moyoni. Kisha nikajaribu kujiokoa kwa ujanja. Nikamwonyesha kwamba mi ile inashikiliwa, besi inahamia fa chini yake, zinasuguana, kisha mi inakubali kushuka hadi re. "Huyo hapo anashuka," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Msuguano wa namna hiyo, kwa sheria ya wakati ule, lazima ushuke hatua moja. Ungekuwa wimbo wa harusi ungeshuka vilevile. Hilo halithibitishi kifo."

Alikuwa na haki, na nilimchukia kwa kuwa na haki. Yule wa kiume akaacha kuandika. Niliona begi langu, niliona uwanja wa ndege, nilikuona wewe umekuja kunipokea stendi ya Singida ukijifanya huulizi.

Basi nikasema lililokuwa moyoni. "Kwetu mtu akifiwa, sauti haishuki. Kilio kinapanda. Shangazi yangu wa Issuna alipomlilia mumewe, alisikika hadi ng'ambo ya mashamba."

"Naamini," akasema, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea kidogo. "Lakini shangazi yako hayumo kwenye nota hizi. Nionyeshe humu."

Nikaomba muda. Akanipa. Nikarudi mwanzo wa wimbo, safari hii kwa nota za mistari, kidole juu ya kila nota kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikajiuliza swali moja tu: mruko huu, la hadi mi ya juu, upo mahali pengine, na kama upo, uko na neno gani?

Upo, Baba. Upo kwenye "nakuita". Mara ya kwanza na ya pili. Nota fupi kwenye silabi nyepesi, kisha nota ndefu kwenye silabi yenye mkazo, la, mi ya juu, sauti ya kwanza iko peke yake wengine wamenyamaza. Ni uleule kabisa wa "nakufa". Kwingine kote kwenye sauti ile haupo. Nilitafuta mara mbili, maana kama ungekuwepo hata kwenye neno la "alfajiri", hoja yangu ingekufa.

Nikainua kichwa. "Mruko huu si wa kifo. Ni wa mwito. Anaposema anakufa, bado anamwita."

"Nakubali," akasema. "Lakini mwito umesikika mara mbili. Kwa nini mara ya tatu mtunzi aupe neno la kifo? Kuna tofauti?"

Na hapo nilikuwa nimekwishaiona. "Tofauti iko kwa wengine. Mara ya kwanza na ya pili, akishaita, sauti nyingine zinaudaka mruko uleule, la, mi, moja baada ya nyingine hadi besi. Anajibiwa. Kwenye 'nakufa' hakuna hata moja inayourudia. Yuko pale juu ameishikilia mi yake, na besi inapokuja, inakuja na fa, inamsugua. Ameita, na hakuitikiwa."

Akavuta nota kwake, akafuata kwa kalamu, sauti baada ya sauti, akihakikisha sidanganyi. Yule wa kiume akainama naye. Mwishowe akasema, "Insha hii uitupe. Andika hiyo uliyonieleza sasa, na kila sentensi iwe na kipimo chake." Kisha, akiwa anasimama, "Umefaulu."

Nililia chooni, sikufichi. Halafu nikala sahani mbili.

Nisalimie kaka Daudi na umwambie deni la kunitumia picha zisizo na giza bado liko palepale. Nisalimie mama mdogo wa Mandewa, mwambie mlenda mkavu alionifungia umekwisha na nimeulinda kama dawa. Shangazi wa Issuna mpe shikamoo yangu ya pekee, umwambie kilio chake kimefika Ulaya, ingawa hakikupokelewa. Na kwaya yote, hasa sauti ya kwanza, ambao najua wanaendelea kuchelewa mazoezi.

Baba, sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Niliporudi chumbani siku ile nilisimama mbele ya wimbo wa Mama pale ukutani. Umeuandika kwa desturi yetu, bila vijimstari. Mwisho kabisa, pale kwaya inaponyamaza na kubaki sauti moja, umeandika la, halafu mi. Tangu nilipoupokea nimekuwa nikiishusha. Nilidhani unamlaza. Sasa sijui tena kama unamlaza au unamwita, na hapa hakuna kitu cha kutazama, kwa sababu kipimo hiki ulisimama mbele ukawaimbia wao kwanza, na mimi ndiye peke yangu ambaye sikukusikia.

Nimekuandikia hapa chini. Nimeacha nafasi pembeni mwa m. Kama ulipanda, tia kijimstari. Kama ulishuka, paache vilevile. Usinitajie kwa simu, nirudishie karatasi hii.

: l | m : – | m
pu - mzi - ka

Na kama ulipanda, Baba, niandikie pia nani aliuitikia mwito huo.

Mwanao,
Yustina