Usikonyeze Watazamaji

Mpendwa dada Akinyi,

Salamu kwanza, halafu siri. Wewe ndiye uliyesema siri ya mchezo iwekwe mbele, si nyuma, kwa hivyo naitoa hapa hapa ili kila anayesoma barua hii aijue. Siku ile niliyocheza Homa Bay nikapigiwa makofi mpaka mikono ya watu ikawasha, wewe ulikuwa umelazwa Migori, damu yako imekataa dawa, na daktari ameshamwambia Mama ajiandae. Kikundi chetu kizima cha maigizo kilijua. Asiyejua alikuwa mmoja tu, nyota wao, mimi.

Haya, wameshajua. Sasa wacha nijisifu kidogo, unanijua.

Mchezo uliuandika kwenye daftari la buluu, umekaa juu ya furushi la mitumba pale kwa Mama, kijijini Suna. Odongo ana shimo la dhahabu na jirani yake ana lake. Kwa wivu, Odongo anamtuma kibarua akate nguzo za shimo la jirani nusu nusu, azipake matope mikato isionekane. Mwanawe, ambaye amegombana naye, anatoroka alfajiri kwenda kuomba kazi. Anaiomba kwa jirani huyo huyo. Watu wanamwona akishuka shimoni. Baba yake hamwoni. Ukanipa mimi nicheze Odongo, na najua hukunichagua kwa sababu ya sura, ingawa sura ninayo.

Mimi niliyeishia kidato cha pili nikakurekebisha wewe uliyemaliza shule. "Dada, hapa umeharibu. Mfiche huyo kijana, watu washtuke mwishoni."

Ukacheka. "Kushtuka ni kwa dakika moja. Wakijua mapema, watakaa na hofu mchezo mzima. Wewe ukicheka, wao wataumia. Hicho ndicho kinaya, bwana mkubwa."

Nikasema sawa, lakini moyoni nikasema huyu dada anapenda maneno ya vitabuni.

Ndipo tukaenda Rongo. Nikafika pale Odongo anapoinua bilauri na kusema, "Kesho kilio kitakuwa kwa jirani, kwangu kutakuwa na karamu." Nikaona watu wamekunja nyuso, nikawaonea huruma, nikawakonyeza. Jicho moja tu, kama kuwaambia msijali, hata mimi najua. Wakacheka! Nikakonyeza tena. Maiti ya mwanangu ilipoletwa, walikuwa bado wanacheka. Nikatoka jukwaani nikijiona mfalme.

Wewe ulikuwa umekaa juu ya ngoma, hufungashi vitu na wenzako. "Umewaambia kwamba unajua," ukasema. "Sasa wamhofie nani?"

"Lakini walifurahi, dada."

"Walikufurahia wewe. Odongo hawakumwona kabisa."

Halafu ukanifundisha, polepole, kama mtu anayemfundisha ng'ombe kuvuta plau. Kwamba Odongo si mjinga, na tukimfanya mjinga hakuna atakayemlilia. Ana haraka na ana kiburi, basi. Ukweli unamjia mlangoni mara tatu na mara zote anaufunga mlango kwa mkono wake. Mkewe anakuja kusema kitanda cha kijana hakijalaliwa, naye anamwambia asimharibie karamu. Kibarua anarudi akitetemeka, naye anampa pombe kabla hajafungua mdomo. Rafiki wa kijana anakuja kubisha, naye anamfukuza. "Wewe unajua mwisho," ukasema. "Yeye ana kesho tu. Cheza kesho yake. Mwisho waachie watu, wao wataubeba."

Rodi Kopany ndiko nilikoelewa. Ilikuwa siku ya soko, jua kali. Nilipoinua bilauri, mama mmoja muuza dagaa wa omena akasimama na beseni lake. "Wewe baba! Mtoto wako yuko ndani ya shimo! Kimbia!"

Dada, mdomo uliniwasha! Nilikuwa na majibu kumi ya kuchekesha soko zima. Nikakutazama pale pembeni na daftari lako, ukatikisa kichwa. Basi nikamgeukia Auma, anayecheza mke wangu, nikasema, "Hawa wanawake wa soko, sijui wanagombania nini leo. Niongezee mchuzi."

Wee! Soko liliguna kama mtu aliyepigwa tumboni. Yule mama akaketi, akashika kichwa kwa mikono miwili. Hapakuwa na aliyecheka.

"Leo umecheza," ukaniambia baadaye, ukiwa umeketi tena juu ya ngoma.

"Unaketi keti nini kama nyanya? Umezeeka, nyamera, dada yangu."

"Nimezeeka," ukasema, ukatabasamu.

Huo ulikuwa mlango wa kwanza, nami nikaufunga. Wa pili ni pale uliponipa daftari lenyewe, ukasema nilitunze. Nikadhani umetambua kipaji changu. Wa tatu ulikuwa njiani kwenda Homa Bay. Ulibaki, Mama akasema una malaria kidogo. Boaz, mpiga ngoma wetu, akanivuta shati. "Omera, ndugu yangu, kuna kitu kuhusu dada yako—"

"Ngoja kwanza! Najua, anasema mimi ndiye bora, anaona haya kuniambia mwenyewe." Nikaendelea kujisifu mpaka tukafika. Boaz akaliachia shati.

Tukivaa nguo, nikawatangazia wote, "Mwakani Akinyi atatupeleka Kisumu. Mtanishika mkia." Auma akageuka, akafunga leso yake, akaifungua, akaifunga tena. Nikasema huyu ana wivu. Kumbe wale ndio walikuwa watazamaji wangu, na mimi nimeinua bilauri.

Boaz aliniambia makofi yalipoisha. Uliwaapisha: "Asiambiwe mpaka amalize. Akijua, hataweza kumcheza asiyejua." Nilikukasirikia, dada. Nilitupa kofia ya Odongo ziwani. Hata leo hasira haijaisha yote, nisikudanganye. Mchezo una thamani gani mbele ya siku moja ya kukaa nawe?

Asubuhi yake nilikuwa Migori, mlangoni pa wodi. Mama akanishika mkono. "Hajui kama umeambiwa. Anataka kukuona ukiwa vile vile. Mwanangu, ukilia hapo ndani, utamvunja."

Nikapangusa uso kwa shati, nikaingia.

"Walinyamaza?" ukauliza, sauti ndogo kama ya kifaranga.

"Mpaka mbuzi walinyamaza."

"Ulikonyeza?"

"Hata ukope haukucheza."

Ukafumba macho, ukapumua. "Mwakani Kisumu."

Hapo ndipo mchezo wenyewe ulipokuwa, Akinyi. Nilikuwa nimeshaujua mwisho. Nikakumbuka maneno yako: yeye ana kesho tu, cheza kesho yake. "Kisumu ni ndogo kwangu," nikasema. "Twende Nairobi. Lakini uache uvivu, uamke hapo kitandani, nani atabeba ngoma?"

Ukacheka mpaka ukakohoa. Mama akageukia dirisha, mabega yanatikisika. Mimi sikukonyeza. Nilikaa pale mpaka saa za wageni zikaisha nikikupangia safari, nguo utakazovaa, hoteli tutakayokula samaki. Siku mbili baadaye ukatutoka.

Siku hizi mimi ndiye ninayeshika daftari. Waigizaji wakikonyeza nawafokea kwa maneno yako, halafu najidai ni yangu. Lakini kuna jambo moja linanisumbua, ndiyo maana nimeandika. Ulipokuwa ukicheka pale kitandani, uliniangalia machoni muda mrefu kidogo. Sijui kama ulijua kwamba najua. Kama hukujua, basi ile ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya. Na kama ulijua ukaendelea kucheka ili nami nipate kesho yangu, basi ulinishinda, dada, na hilo nalikubali mara hii moja tu.

Pumzika. Ngoma nabeba mimi.

Mdogo wako, ambaye sura bado anayo