Halali Inayoishia Buchani

Jumatatu, 4 Agosti. Nalufenya.

Sare za shule tangu alfajiri. Kola sita zimebaki. Cherehani inakwama kwenye vitambaa vizito, mkanda umelegea, na fundi hawezi kuja mpaka kesho. Bado niko kwenye eda ya marehemu mume wangu Idi. Sipaki manukato, sivai dhahabu, sitoki bila haja. Wateja wananifuata mlangoni.

Kaka Badru alifika jana kutoka Mbale. Yeye ana bucha kubwa kule, neno HALAL limeandikwa kwa rangi ya kijani kutoka ukutani mpaka dirishani. Jirani yangu Akello, askari wa magereza, akatuletea kuku wa mchuzi. Huyu Akello ni Mkristo, na amenipikia mara nyingi tangu mume wangu afe. Badru hakumpa hata salamu. Akauliza nani alichinja.

"Bwana, hii kuku Muslimu alichinja," Akello akasema. "Mzee wa msikiti wa hapa. Sisi sote tunamwitaga yeye."

Na ni kweli. Huku kwetu Wakristo wenyewe humwita Mwislamu achinje ili mgeni yeyote ale bila wasiwasi. Badru alijua hivyo kabla ya kuuliza. Akasema basi tatizo ni sufuria. Huenda walishapikia nguruwe. Akello akasimama na bakuli mkononi, na uniform yake bado mwilini.

Nilikula vipande viwili mbele ya macho ya Badru, na mchuzi nikaumaliza. Yeye akala mkate mkavu. Nimekasirika mpaka sasa.

Jumatano, 6 Agosti.

Sasa najua Badru alifuata nini. Si kunipa pole.

Leo asubuhi kabla ya kupanda gari alisema Haji Kalifani ananitaka. Haji Kalifani ni mfanyabiashara wa ng'ombe wa Nakaloke, ndiye anayemuuzia Badru ng'ombe wa kuchinja. Mjane pia, mkewe alifariki. Simjui zaidi ya jina. Badru alisema, "Mimi nimemaliza na yeye. Wewe pumzika."

Nimemaliza! Mimi niko ndani ya eda. Aya iko wazi kwenye sura ya Bakara: mwanamume anaweza kudokeza tu, au kuficha nia moyoni, lakini asifunge ndoa mpaka muda ufike mwisho wake. Kudokeza huko ni kuniambia mimi. Hawa wawili wamekaa Mbale wakamalizana juu yangu kama vile niko zizini.

Nilimwambia. Akajibu kwamba huo ni mpango tu, si ndoa. Tena akanikumbusha kuwa baba hayupo, babu hayupo, yeye ndiye walii wangu, msimamizi wa kuniozesha.

Ndiyo, yeye ndiye walii wangu. Hilo sikatai.

Jumapili, 10 Agosti.

Sijalala vizuri. Nashona vibaya, mikono miwili ya shati moja nimeishona upande mmoja, nikafumua.

Baba alikuwa askari. Sisi tulikulia kambini, ndiyo maana Kiswahili kilitukaa kuliko lugha ya mama. Jioni alitusomesha mwenyewe. Nakumbuka alivyofundisha neno hili. Halali kwa Kiarabu linatoka kwenye kufungua fundo, kuachia kilichofungwa. Halali ni kilichoachiwa, kilichoruhusiwa. Haramu ni kilichozuiwa. Akasema kila kitu asili yake ni ruhusa mpaka uje ushahidi wa kukizuia. Akatupa mfano wa hujaji: akiwa ndani ya ihramu, manukato aliyoyatumia jana yamezuiwa kwake. Akikamilisha ibada anaachiwa. Manukato ni yaleyale.

Hakuanza na nyama. Nyama aliitaja baadaye kabisa, pamoja na chumo, na kipimo cha sokoni, na nguo ya kuibwa, na maneno ya kusengenya, na mwanamume na mwanamke. Riziki yaweza kuwa halali, na mke, na kauli. Badru alikuwepo. Alikaa mbele yangu.

Nitamtendea haki kwa upande mmoja. Kwenye kuchinja Badru hana mchezo. Kisu hunoa mbali, mnyama asikione. Hachinji ng'ombe mmoja mbele ya mwingine. Anampa maji kwanza. Anamlaza upande wa kushoto, anamwelekeza kibla, bismillahi, Allahu akbar, kisha mkono mmoja wa haraka: koo la pumzi, koo la chakula, mishipa miwili ya pembeni. Anaacha damu yote itoke. Hachuni mpaka mnyama ametulia kabisa. Nimemwona akimfukuza kijana wa kazi aliyemburuta mbuzi kwa mguu.

Ng'ombe wa Badru anapata huruma kuliko dada yake. Naandika na sifuti.

Ijumaa, 15 Agosti.

Eda imeisha. Nilioga, nikavaa gauni la bluu. Nikamlilia Idi kidogo, halafu sana. Akello alipita akanikuta hivyo, akakaa tu.

Badru kapiga simu kabla hata ya adhuhuri. Eti niende Mbale wiki ijayo, kuna hitima ya baba. Nikamuuliza kuhusu Haji. Akasema hayo tutaongea. Sauti tamu mno. Sikuipenda.

Lakini ni hitima ya baba. Nitakosaje kwenda?

Jumamosi, 23 Agosti. Mbale.

Hakuna hitima.

Nimepita njia ya Tirinyi nikiangalia mashamba ya mpunga na kumsomea baba Yasini moyoni, kumbe napelekwa kuolewa. Nimeingia uani nikakuta maturubai, sufuria kubwa, na wanawake wanamenya viazi. Shangazi Amina, dada yake baba, akanipigia vigelegele. Nikauliza harusi ya nani. Wakacheka. Wakadhani natania!

Ni kesho. Sheikh ameshaitwa. Haji Kalifani ameshaleta mahari, ng'ombe wanne, na Badru ameshawapokea. Sio hivyo tu. Mmoja ameshachinjwa leo asubuhi kwa ajili ya karamu na mguu wake umening'inia buchani, chini ya lile neno la kijani. Mteja alikuwa anakatiwa kilo.

Mahari ni ya mwanamke. Surat Nisaa inasema wapeni wanawake mahari yao. Haikusema kaka zao. Na ndoa haijafungwa, kwa hiyo hao ng'ombe hata mimi bado sio wangu. Nikikataa, wanarudi kwa mwenyewe. Nikikubali, wanakuja kwangu. Hakuna mlango hata mmoja ambao Badru anaingilia. Kachinja ng'ombe wa watu, na bismillahi juu.

Nilimfuata buchani nikamwambia. Akanijibu huku anafuta kisu: nyama imechinjwa vizuri, kila sharti limetimia, mimi najua nini mambo ya nyama? Eti nimepata bahati, mjane asiye na mtoto, mwanamume mzima, mcha Mungu, ana mali. Ana bei nzuri ya ng'ombe pia, nikasema. Akarudi kufuta kisu kilichokwisha kukauka. Hapo ndipo nilielewa: ananitoa kwa Haji ili aendelee kuuziwa ng'ombe kwa bei nafuu.

Shangazi kanifunga hina kwa nguvu. Nimeinawa kabla haijashika.

Naogopa. Ndugu wote wamejaa. Nikisema hapana, naondoka hapa bila ukoo. Nikinyamaza, kesho saa hizi ni mke wa mtu.

Jumapili, 24 Agosti. Mbale.

Niandike kabla hasira haijanichanganyia mpangilio.

Waliniketisha chumba cha ndani na kanga kichwani. Wanaume ukumbini, wengine uani wameshaanza kula. Kwa desturi, sheikh hafungi ndoa mpaka atume mashahidi wawili mlangoni wamuulize bibi harusi. Wakaja. Shangazi Amina alikaa mbele ya mlango kama mlinzi wa benki. Wakauliza. Shangazi akajibu haraka: "Amenyamaza. Amekubali. Twendeni."

Na wale mashahidi wakageuka!

Badru ndiye aliyemfundisha hivyo. Kimya ni ridhaa. Hiyo ni ya mwari, bikira anayeona haya. Mwanamke aliyekwisha kuolewa lazima aseme kwa kinywa chake, na walii hana nguvu ya kumlazimisha. Walii anasimama kumfungia ndoa aliyoikubali. Nimeolewa miaka kumi na tatu. Nimezika mume. Haya gani?

Nikasimama. Nikamruka shangazi. Nikatoka mpaka mlango wa ukumbi nikasema kwa sauti ya baba ya gwaride: "Sheikh, mimi sijaulizwa, na sikubali."

Badru akaruka. "Mimi kaka yako, mimi ndiyo nasema!" Sheikh, mtu mzima mwenye kikohozi, akamwonyesha kwa mkono akae. Akaniuliza mara mbili. Nikajibu mara mbili. Akafunga kitabu chake. Alisema ndoa hii haipo, na kama angeifunga angekuwa amemhalalishia huyu bwana mwanamke asiye halali yake.

Nikaona nimalize kabisa. Nikauliza nyama inayoliwa nje ni ya nani. Haji Kalifani alikuwa amekaa karibu na sheikh, mtu mwembamba, koti limemzidi. Akasema polepole kwamba ni ya mahari, na kwamba yeye aliambiwa nimekubali na nimepokea. Sheikh akamuuliza kama ametoa ruhusa achinjwe. Hakutoa. Basi sheikh akasema uchinjaji ni sahihi, ila mnyama ameliwa bila idhini ya mwenyewe, na aliye na sahani asimamishe kula mpaka mwenyewe aruhusu.

Sahani zikawekwa chini, moja baada ya nyingine, mpaka uani. Mjomba mmoja alikuwa na mfupa mdomoni.

Haji aliruhusu wageni wale. Wageni, alisema. Hakumtaja Badru.

Badru hakunitazama. Nilimsikia akisema nimemvua nguo mbele ya watu. Yeye aliyenifungasha kama mzigo wa kwenda Nakaloke! Shangazi hakunisindikiza. Nimelala kwa rafiki wa shule. Nimelia kwa hasira, si kwa majuto.

Jumanne, 2 Septemba. Nalufenya.

Mvua. Fundi ameleta mkanda mpya, cherehani inakwenda laini. Sare za shule zimekwisha, sasa nashona mapazia.

Badru amepiga simu mchana. Ng'ombe watatu amewarudisha Nakaloke mwenyewe, kwa miguu, akiwaswaga mbele ya watu wanaomjua. Wa nne alimwendea Haji akamwomba amhalalishie, yaani amsamehe haki yake ili isimsimamie kesho akhera. Haji amekubali. Nikasikia bucha nyuma yake, mtu anauliza maini. Akasema, "Na wewe, dada, nihalalishie."

Sijawahi kumsikia akiomba kitu. Moyo ulinilainika, nakiri. Ni kaka yangu, tulilala mkeka mmoja.

Nikamwambia bado. Nikamwambia safari hii ameniuliza, basi asubiri jibu.

Akasema sawa. Akakata taratibu.

Nimerudi kwenye mapazia. Kitambaa ni kizuri, chepesi, rangi ya maziwa. Mwenyewe anakuja kuyachukua Alhamisi.