Nadhiri ya Kaka Seremala

Baba mkubwa, mashangazi, nanyi wadogo zangu mliokusanyika msibani,

Nasikia mnataka kumnyoa kaka kabla ya kumzika. Nakumbuka karakana yake, harufu ya mbao, na picha ya Mfalme Haile Selassie, ambaye kaka alimwamini kuwa Mungu aliyejidhihirisha. Kwake Afrika ilikuwa Sayuni, makao ya wana wa waliochukuliwa utumwani. Bangi aliiwasha baada ya sala tu, akitafakari na wenzake.

Shangazi mmoja wenu alimtania: “We kichaka, utanyoa lini?”

Akacheka: “Shangazi, hii nadhiri, kama ya Samsoni. Wembe haugusi!”

Kwa idhini yako, Baba mkubwa, mimi dada yake mkubwa naamua: kinyozi arudishwe kwake, na kaka azikwe na nywele zake.

Dada yenu wa mbali